Cheti cha Kongo mbele ya bodi ya leseni ya Marekani: mtafsiri anaandika nini, na alama hupimwa na nani

Katika makundi ya simu ya Wakongomani wanaoishi Marekani, swali moja halikosi kurudi kila baada ya muda. Muuguzi aliyemaliza chuo Lubumbashi au Bukavu kwa asilimia 62, na ambaye sasa anataka leseni ya uuguzi, amwambie mtafsiri aandike nini? Mmoja humshauri 62 igeuzwe kuwa B, kwa kuwa katika shule za Marekani 62 ni D na D haipendezi mbele ya watu. Mwingine humwambia kwamba tafsiri isiyopigwa muhuri na notari ni karatasi tupu. Wa tatu hudai kuwa bodi huangalia wastani wa alama tu, hivyo aliyehitimu kwa "Satisfaction", daraja la chini la ufaulu huko Kongo, asipoteze pesa zake. Ushauri huu wote umekosea, na ule wa kwanza ndio wenye hatari zaidi, kwa sababu alama iliyobadilishwa ndani ya tafsiri huonekana mara moja inapowekwa kando ya hati ya asili, na jalada huanza kutazamwa kwa jicho la shaka.

Tuanze na majina ya vitu na ya watu. Cheti cha shahada, au diploma kama wanavyosema Kongo, ni hati ya ukurasa mmoja inayotangaza kwamba mtu fulani amepewa sifa fulani ya masomo, siku fulani, kwa daraja fulani la ufaulu. Transkripti ni orodha ya masomo yote, mwaka kwa mwaka, pamoja na saa zilizofundishwa na alama zilizopatikana. Vyuo vya Kongo huiita "Relevé de cotes". Mtafsiri ni yule anayehamisha maandishi ya hati hizo kutoka Kifaransa hadi Kiingereza. Mkadiriaji ni shirika linalosoma hati na tafsiri yake, kisha kutoa ripoti inayosema elimu hii inalingana na ngazi gani ya elimu ya Marekani. Bodi ya leseni ni chombo cha serikali ya jimbo kinachoamua nani afanye kazi ya uuguzi katika jimbo hilo, na kwa kuwa Marekani haina bodi moja ya taifa, kila jimbo huchagua wakadiriaji linaowakubali. Kwa wauguzi, mkadiriaji aliyezoeleka kwa muda mrefu ni CGFNS, shirika lililoanzishwa mwaka 1977 mjini Filadelfia na ambalo tangu mwaka 2025 linaitwa TruMerit, ingawa yapo majimbo yanayokubali ripoti za mashirika mengine.

Kazi hizi tatu, yaani kutafsiri, kukadiria na kuamua, hazichanganywi. Mtu anayenakili stakabadhi ya sokoni iliyoandikwa "mahindi, madebe matatu" huandika madebe matatu. Hageuzi debe kuwa kilo, kwa sababu debe la mahindi na debe la maharage hayalingani uzito, na kupima ni kazi ya mwenye mizani. Alama ya 62 inaingia katika tafsiri ikiwa 62, neno "Satisfaction" linaingia likiwa vilevile, na mkadiriaji ndiye mwenye mizani.

Sasa tutazame hati zenyewe, kwa kuwa ugumu wa cheti cha Kongo umejificha katika majina ya sifa za masomo. Kwa miaka mingi vyuo vya nchi hiyo vilifuata mfumo wa miaka mitatu ya "Graduat" na miaka miwili zaidi ya "Licence", jumla miaka mitano baada ya sekondari. Kisha ukaja mfumo wa ngazi tatu unaojulikana kwa herufi LMD, ambao serikali iliueneza nchini kuanzia mwaka wa masomo wa 2021-2022, na ndani yake "Licence" ni miaka mitatu tu tangu mwanafunzi aingie chuoni. Neno ni lile lile, lakini mwenye cheti cha mwaka 2010 amesoma miaka mitano na mwenye cheti cha mfumo mpya amesoma mitatu. Mtafsiri anayeandika kwa Kiingereza kwamba wote wawili wana shahada ya kwanza amemnyang'anya wa zamani miaka miwili. Anayeandika kwamba "Graduat" ni shahada ya kwanza naye amempa mtu sifa ambayo hati yake haikuitaja, na tayari ameshafanya ukadiriaji. Njia salama, nayo ndiyo wanayoipenda wakadiriaji, ni kuacha jina la sifa katika lugha yake ya asili, kisha kuweka katika mabano ya mraba maelezo mafupi yanayotokana na maneno yaliyomo kwenye hati hiyo hiyo, kwa mfano kwamba masomo yalichukua miaka mitatu.

Wauguzi wana tabaka jingine juu ya hilo. Kongo huwapanga kwa herufi na namba: A2 ni muuguzi aliyesomea fani hiyo katika shule ya ufundi ya kitabibu ya ngazi ya sekondari, A1 ni mwenye "Graduat" ya chuo cha juu cha ufundi wa kitabibu, kinachofupishwa ISTM, na A0 ni mwenye "Licence" ya zamani. Tofauti hii si ya heshima tu. CGFNS hutaka mwombaji awe amemaliza sekondari ya juu kabla ya kuingia kwenye masomo ya uuguzi, na elimu hizo mbili zihesabike kila moja peke yake. Kwa A1 na A0 hilo halina shida. Kwa A2 ambaye uuguzi wake ndio uliokuwa sekondari yake, hakuna tafsiri itakayoziba pengo hilo hata ikiandikwa na bingwa, na ni afadhali aelezwe mapema kuliko kulipia jalada lote na kuambiwa baadaye.

Uthibitisho wa sekondari nao una mtego wake. Hati ya kumaliza sekondari Kongo huitwa "Diplôme d'État". Nchini Ufaransa jina hilo hilo, likifuatwa na neno la muuguzi, ni hati ya taaluma ya uuguzi yenyewe. Mtafsiri aliyezoea karatasi za Ufaransa anaweza kuligeuza kwa namna itakayomfanya msomaji wa Filadelfia adhani ameletewa vyeti viwili vya uuguzi na hakuletewa cha sekondari. Hapa tena jina huachwa kama lilivyo, na maelezo ya mabanoni huchukuliwa kwenye hati: imetolewa baada ya mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, katika mkondo fulani.

Tumchukue muuguzi wa mfano ili tuone kazi kwa karibu. Ni A1, alihitimu katika ISTM mojawapo mwaka 2012, na transkripti yake ina safu sita: jina la somo, saa za jumla, saa za nadharia, saa za vitendo, uzito wa somo na alama juu ya 20. Mistari mitatu ya mwaka wake wa mwisho inasomeka hivi. Uuguzi wa watoto: saa 60, kati ya hizo 45 za nadharia na 15 za vitendo, uzito 4, alama 13. Uuguzi wa upasuaji: saa 75, uzito 5, alama 11. Uuguzi wa afya ya akili: saa 30, uzito 2, alama 15. Chini kabisa upo mstari mmoja wa mafunzo ya hospitalini, ulioandikwa kwa neno moja tu, "Stage", saa 480, alama 15.

Mtafsiri mzuri hujenga upya jedwali hilo kwa safu zile zile na mpangilio ule ule, ili anayelinganisha karatasi mbili aweze kupita mstari kwa mstari kwa kidole. Kisanduku kilicho tupu hubaki tupu, na pembeni huandikwa kuwa ni tupu, maana pengo lisiloelezwa hufanya msomaji adhani kuna kitu kimerukwa. Muhuri hautafsiriwi kwa kuchorwa. Yanaandikwa maneno yaliyomo ndani yake, umbo lake na mahali ulipo. Sahihi isiyosomeka hutajwa kuwa haisomeki. Alama iliyopatikana kwenye mtihani wa marudio, ambayo hati huonyesha kwa kutaja kikao cha pili, hubaki na kitambulisho chake hata kama mteja angetamani kisahaulike. Mkato wa desimali wa Kifaransa, kama katika 12,5, hugeuzwa kuwa nukta kwa kuwa Mmarekani husoma mkato kwa maana nyingine, na tarehe 04/08/2012 huandikwa kwa jina la mwezi, Agosti, kwa sababu msomaji wa kule ataiona kuwa tarehe 8 ya Aprili. Mabadiliko haya mawili yanaruhusiwa kwa kuwa yanalinda maana iliyokusudiwa na chuo bila kuongeza kitu.

Majina ya mtu yanahitaji tahadhari zaidi. Mkongomani huwa na jina la ukoo, jina linalofuata ambalo kwao huitwa "postnom", na jina la ubatizo au la kupewa. Karatasi za uhamiaji za Marekani zina nafasi ya jina la kwanza, la kati na la mwisho, na mara nyingi mtu hufika Marekani majina yake yakiwa yamegeuzwa mpangilio au moja limedondoshwa. Wateja wengi humwomba mtafsiri alinganishe jina la cheti na lile la kitambulisho kipya. Mtafsiri hana mamlaka hayo. Anaandika jina kama cheti kinavyoliandika, na tofauti huelezwa na mwombaji mwenyewe kwa kiapo au hati ya kubadili jina, inayoingia jaladani kama karatasi ya pekee.

Baada ya kurasa za tafsiri hufuata tamko la mtafsiri, aya fupi ambayo ndani yake anathibitisha kwamba anazijua lugha zote mbili, kwamba tafsiri ni kamili na sahihi kwa kadiri ya ujuzi wake, kisha anaweka jina, sahihi, tarehe na mawasiliano yake. Hapo ndipo habari ya notari inapoingia. Marekani haina watafsiri walioapishwa na serikali kwa hati zote kama walivyo katika nchi kadhaa za Ulaya, kwa hiyo tamko hilo ndilo linaloipa tafsiri uzito. Notari anapogonga muhuri, anachothibitisha ni kwamba aliyeweka sahihi ni yule aliyesimama mbele yake na kitambulisho. Hajasoma Kifaransa, wala hathibitishi kuwa 13 ni 13. Bodi au mkadiriaji akidai muhuri wa notari, unawekwa; asipoudai, hauongezi chochote isipokuwa gharama.

Swali la nani anayefaa kutafsiri hujibiwa na anayepokea hati. Wengi huomba mtafsiri mwenye cheti cha chama cha watafsiri cha Marekani, ATA, au kampuni ya tafsiri inayotambulika, na karibu wote hukataa tafsiri iliyofanywa na mwombaji mwenyewe au ndugu yake. Tafsiri iliyokubaliwa na idara ya uhamiaji si lazima ikubaliwe na mkadiriaji wa elimu, maana uhamiaji hudai tu tamko la ukamilifu na umahiri, ilhali mkadiriaji anaweza kudai pia mpangilio unaofanana na wa asili. Wapo pia wakadiriaji wanaotafsiri wenyewe kwa ada. Kwa mtu ambaye hati zake zimechakaa au ni ndefu, njia hiyo wakati mwingine huondoa mzozo wote, ingawa si ya bei rahisi. Na anayeelekea Kanada ajue kwamba shirika la huko linalokusanya majalada ya wauguzi wa kigeni, NNAS, hupokea hati za Kiingereza au Kifaransa, hivyo muuguzi wa Lubumbashi anaweza kukuta hahitaji mtafsiri kabisa.

Kuna jambo linalowashangaza wengi. Hata tafsiri ikiwa safi, nakala aliyonayo mwombaji nyumbani mara nyingi si ile itakayotumika. Mkadiriaji wa taaluma za afya hutaka transkripti itoke chuoni moja kwa moja, katika bahasha iliyofungwa na kupigwa muhuri kwenye mfuniko, au kwa njia ya mtandao anayoikubali. Ikiwa mwombaji alitafsiri nakala yake ya mwaka 2012, na chuo kikatuma transkripti mpya yenye mpangilio mwingine au saa zilizohesabiwa upya, tafsiri na hati havitalingana. Kwa hiyo busara ni kwanza kukiomba chuo kitoe nakala mbili za hati hiyo hiyo kwa siku moja, moja isafiri kwenda kwa mkadiriaji, ya pili impe mtafsiri kazi yake.

Sasa turudi kwenye 62 iliyozua ubishi wote. Kwa mistari yetu mitatu, alama huzidishwa kwa uzito: 13 mara 4 ni 52, 11 mara 5 ni 55, 15 mara 2 ni 30, jumla 137. Kiwango cha juu kabisa kingekuwa 20 mara 11, yaani 220. Gawanya 137 kwa 220 upate asilimia 62 na ushee. Katika ngazi zinazotumika kwa kawaida Kongo, 50 hadi chini ya 70 ni "Satisfaction", kuanzia 70 ni "Distinction", kuanzia 80 ni "Grande distinction", na 90 kwenda juu ni daraja ambalo wengi hawajawahi kuliona likitolewa. Aliyepata 62 amefaulu kwa namna ya kawaida na ya heshima, na mwenye 70 hutajwa kwa jina na wenzake.

Ichukue 62 hiyo hiyo uivushe mipaka. Katika shule nyingi za Marekani, ambako A huanzia 90 na C huanzia 70, ni D. Kwa ngazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako A huanzia 70 na B+ huanzia 60, ni B+. Katika vyuo vya Kenya vinavyofuata desturi ya Kiingereza, wastani wa 62 huangukia daraja la pili la juu. Hakuna aliyekosea, kwa sababu asilimia hupata maana kutokana na ukali wa wasahihishaji na mahali palipowekwa mstari wa kufaulu. Mkadiriaji anayejua kazi yake haanzi na namba. Huanza na mstari wa kufaulu wa nchi ile na kuulinganisha na mstari wa kufaulu wa nchi yake, kisha hupanga ngazi za juu kwa kuangalia ni alama zipi hutolewa mara nyingi na zipi ni adimu. Ndiyo sababu 62 ya Kongo haitoki kwa mkadiriaji ikiwa D. Ndiyo sababu pia mashirika mawili yanaweza kutoa herufi zinazotofautiana kidogo kwa transkripti moja, maana kila moja lina jedwali lake, na hakuna jedwali la serikali ya Marekani linaloyafunga.

Watanzania nao wana toleo lao la kosa hili. Mwenye wastani wa 3.8 katika ngazi ya 5 huzidisha kwa 4 na kugawanya kwa 5, anapata 3.04, kisha anajaza namba hiyo kwenye fomu. Jaribu hesabu hiyo kwa mtu aliyefaulu kwa kiwango cha chini kabisa, 2.0. Inatoa 1.6, ambayo katika vyuo vingi vya Marekani haitoshi kuhitimu, ingawa mwenzetu huyo amehitimu na ana shahada mkononi. Hesabu inayompokonya mtu shahada aliyokwisha kupewa ina hitilafu, na hitilafu yenyewe ni kwamba imelinganisha kilele na kilele bila kulinganisha mstari wa kufaulu. Wajerumani, katika udahili wa vyuo vikuu, hutumia kanuni inayofunga ncha zote mbili:

```
x = 1 + 3 × (Nmax − Nd) ÷ (Nmax − Nmin)
```

Hapo Nmax ni alama ya juu kabisa ya mfumo wa asili, Nmin ni alama ya chini ya kufaulu na Nd ni alama ya mhusika. Jibu la 1 ni bora kabisa na 4 ni kufaulu kwa shida. Kwa 3.8 ya Tanzania hutoka 2.2, na kwa 2.0 hutoka 4.0, yaani aliyefaulu amebaki amefaulu. Kwa 62 ya Kongo, yenye mstari wa 50, hutoka 3.28. Kanuni hii ni ya haki kuliko kuzidisha kwa 4, lakini nayo ina kikomo: inadhani kwamba 100 hupatikana. Katika nchi ambayo hata 90 ni nadra, kanuni hiyo humshusha kila mtu, na kama ungeweka 90 mahali pa 100 muuguzi wetu angepata 3.1. Ndiyo maana sipendi kumwona mwombaji akikimbilia kikokotoo cha mtandaoni na kuiambatisha karatasi yake kwenye jalada. Hakuna anayeihitaji, na ikipingana na ripoti ya mkadiriaji italeta maswali.

Mtafsiri ana nafasi moja halali ya kuzungumzia alama, nayo ni pale hati yenyewe inapozungumza. Transkripti nyingi huwa na ufunguo wa ngazi nyuma ya ukurasa wa mwisho, na ufunguo huo husahauliwa kwa sababu mteja hupiga picha upande wa mbele tu. Ukiwapo, unatafsiriwa neno kwa neno. Usipokuwapo, mtafsiri anaweza kuweka tanbihi iliyotenganishwa wazi na maandishi ya asili, inayosema kwamba neno "Distinction" limeachwa kama lilivyo kwa kuwa ni jina la daraja. Tanbihi hiyo ina kazi, maana kwa msomaji wa Kiingereza neno hilo huonekana kama sifa ya juu kabisa, ilhali Kongo kuna ngazi mbili juu yake. Tanbihi inayosema "hii ni sawa na B" imevuka mpaka. Bora chuo chenyewe kiandike barua fupi inayoeleza ngazi zake za ufaulu, na barua hiyo itafsiriwe kama hati nyingine yoyote.

Na sasa jambo ambalo kwa maoni yangu lingepaswa kuchukua nusu ya mazungumzo ya makundi yale, lakini halitajwi. Kwa leseni ya uuguzi, wastani wa alama kwa kawaida si kinachoamua. Bodi inataka kujua kama mtu alihitimu, kama chuo chake kilitambuliwa na serikali yake, kama aliruhusiwa kufanya kazi kwao, na kama masomo yake yaligusa maeneo yanayotakiwa kwa nadharia na kwa kuhudumia wagonjwa: magonjwa ya watu wazima, upasuaji, uzazi na mtoto mchanga, watoto, na afya ya akili. Ujuzi wenyewe utapimwa na mtihani wa leseni ya uuguzi, NCLEX-RN, ambao haujali kama ulihitimu kwa 62 au kwa 85. Wastani una uzito kwa anayeomba nafasi chuoni, na huko ndiko hofu ya D ilikotoka, ikahamia kwenye leseni bila kuulizwa.

Kwa hiyo mstari wenye thamani kubwa kuliko yote katika transkripti ya muuguzi wetu ni ule wa mwisho, "Stage", saa 480. Tazama yanayoweza kuharibika hapo. Mtafsiri asiyejua fani anaweza kuligeuza neno hilo kuwa hatua au ngazi, na saa 480 za wodini zikapotea mbele ya macho. Anayejua kidogo ataliita mafunzo kazini, neno lisiloonyesha kwamba palikuwa na wagonjwa. Safu ya saa za vitendo nayo huleta mkanganyiko, kwa kuwa saa 15 za vitendo katika somo la watoto zilifanyika kwenye chumba cha mazoezi cha chuo, na zikitafsiriwa kana kwamba ni za hospitalini, mkadiriaji atauliza kwa nini hazilingani na barua ya chuo. Uzito wa somo nao usigeuzwe kuwa krediti. Katika mfano wetu uzito mmoja umeendana na saa 15, lakini si kila chuo hufuata hivyo, na krediti ya mfumo wa Ulaya hubeba saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, mwaka mzima ukiwa na krediti 60, ilhali mwaka wa Marekani una takriban 30.

Hata ukitafsiriwa bila dosari, mstari huo hautoshi. Umejumlisha wodi zote, na bodi inataka kujua ngapi zilikuwa za watoto, ngapi za uzazi, ngapi za afya ya akili. Eneo hili la mwisho ndilo linalowakwamisha wengi, kwa kuwa hospitali za magonjwa ya akili ni chache na vyuo vingi havikuwa na mahali pa kupeleka wanafunzi. Mtafsiri hawezi kuzigawa saa 480, na mwombaji asijigawie kwa kumbukumbu. Anayeweza ni chuo, kwa kuangalia daftari la mafunzo ya vitendo au ratiba ya mzunguko wa wodi ya mwaka ule, kisha kutoa hati inayotaja wodi, hospitali, tarehe na saa, yenye sahihi ya mkuu wa taaluma na muhuri.

Hati hiyo iombwe mapema, pamoja na transkripti, kabla mkadiriaji hajaandika kwamba kuna upungufu. Ombi liandikwe kwa Kifaransa, litaje namba ya usajili ya mwanafunzi, miaka ya masomo na jina kama lilivyoandikwa kwenye cheti, kwa kuwa karani wa kumbukumbu atalitafuta kwa jina hilo na si kwa lile la Marekani. Na kama saa za wodi ya afya ya akili hazikuwapo kweli, bodi nyingi huruhusu eneo linalokosekana lisomwe katika chuo cha jimbo husika, nadharia na vitendo, kisha matokeo yaongezwe kwenye jalada lile lile.